Maziwa yanakugomea na wewe ni mkimbiaji? Protini sio tatizo, cheki kalsiamu

Wiki mbili zilizopita kwenye grupu letu la jogging kulizuka ubishi wa usiku kucha. Binti mmoja tunayekimbia naye, ana miaka 22 na kilo 58, anajiandaa na nusu marathoni ya kule Moshi, aliuliza swali dogo tu: maziwa yanamvuruga tumbo, ameacha, sasa ale nini? Loh. Mmoja akamwambia bila maziwa mifupa itakuwa kama biskuti, mwingine akasema maziwa ni sumu kwa Mwafrika, mwingine akamtumia picha ya kopo la unga wa protini, na mzee wetu mmoja akamaliza na supu ya makongoro kila asubuhi. Binti akaishia kuchanganyikiwa kuliko alivyoanza, kwa hiyo nimeona niandike kitu kirefu kidogo, maana mimi mwenyewe nina tumbo la hivyo hivyo na nimeshapita huko kote.

Tuanze na maneno yenyewe. Maziwa yana sukari yake inaitwa laktosi. Hii sukari ni kubwa, haipiti kwenye ukuta wa utumbo ikiwa nzima, lazima kwanza ikatwe vipande viwili, na anayekata ni kimeng'enya kinaitwa laktasi ambacho kinakaa kwenye utumbo mwembamba. Ukiwa mtoto unacho cha kutosha kwa sababu maziwa ndo chakula chako. Ukikua, kwa watu wengi duniani, kama theluthi mbili hivi, kinapungua. Huo sio ugonjwa, ndivyo tulivyo. Wenye bahati ni jamii zilizofuga muda mrefu, za Ulaya ya kaskazini na hata hapa kwetu wafugaji kama Wamasai, wengi wao wanaendelea kuwa nacho ukubwani.

Sasa fikiria wapagazi kwenye geti la soko. Wapo watatu tu. Ikija pikapu moja ya viazi wanashusha bila shida, ila zikija fuso kumi kwa mpigo mzigo unazagaa barabarani. Ndo laktosi hiyo. Ile isiyokatwa inateremka mpaka utumbo mpana, njiani inavuta maji, na ikifika huko bakteria wanaichachusha kama togwa iliyosahaulika juani, gesi inajaa, tumbo linaunguruma, na kinachofuata unakijua. Kawaida inaanza kati ya nusu saa na masaa mawili baada ya kunywa. Na ndo maana wengi wetu kijiko cha maziwa kwenye chai hakitufanyi kitu, hata kikombe kimoja ukinywa na chakula unaweza ukapona, ila ukigida glasi mbili asubuhi tumbo tupu halafu ukaenda kukimbia kilomita 15, shauri yako.

Hii ni tofauti kabisa na mzio wa maziwa, watu wanachanganya sana hapa. Mzio ni kinga ya mwili inakataa protini ya maziwa, sio sukari, na unaweza ukaja na tone dogo tu: midomo inavimba, ngozi inatoka vipele, kifua kinabana. Huyo haruhusiwi kujaribu jaribu, aende hospitali. Na kama unaharisha damu au unapungua uzito bila sababu usisingizie laktosi, nenda ukapimwe.

Pia kukimbia kwenyewe kunaleta tumbo. Mtu anakula maembe matatu, anakunywa juisi, anaenda kufanya intavo, tumbo likimkata anasema ni maziwa ya juzi. Kujipima sio kazi: wiki mbili usiguse maziwa kabisa, uone kama umetulia, halafu siku ya mapumziko ambayo hukimbii unywe glasi moja peke yake na usubiri. Likivuruga, rudia siku nyingine. Likivuruga tena, jibu unalo.

Haya, sasa shughuli yenyewe. Yule binti alikuwa anakunywa vikombe viwili vya maziwa kwa siku, nusu lita hivi. Nusu lita inampa mtu kama gramu 16 za protini na miligramu 600 za kalsiamu. Alivyoacha akafanya kitu ambacho karibu kila mtu anakifanya, akaongeza mayai mawili na karanga, akaona amemaliza. Kwenye protini ni kweli kamaliza, mayai mawili ni gramu 12 na karanga za kiganja ni gramu 7, amepita hata alikokuwa. Ila kalsiamu? Mayai mawili yana miligramu 50. Karanga ndo kabisa, kidogo mno. Yaani alitoa 600 akarudisha kama 75, na hakuna alarm inayolia, hausikii njaa ya kalsiamu, mwili ukikosa kwenye chakula unachukua tu kwenye mifupa kama mtu anayekopa kwenye kibubu chake mwenyewe.

Mtu mzima wa umri wake anahitaji miligramu 1000 kwa siku, na kama bado yuko kati ya miaka 9 na 18 ni 1300 kwa sababu mfupa bado unajengwa. Protini kwa mkimbiaji ni kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo ya mwili, sisi tulichukua 1.6, kwa hiyo kilo 58 mara 1.6 ni gramu 93. Kwa vyakula vyetu 93 inafikika bila kupiga magoti. Elfu moja ya kalsiamu ndo inataka akili.

Mtu atasema mchicha si upo, una kalsiamu kibao. Ndio, upo, na ukiangalia kwenye majedwali mchicha unatisha, lakini hapa kuna mtego. Mchicha na spinachi ni ukoo mmoja, na ukoo huo una kitu kinaitwa oksaleti ambacho kinaing'ang'ania kalsiamu ndani ya tumbo isifyonzwe. Ni kama una laki moja kwenye simu halafu umesahau namba ya siri, salio unaliona ila dukani huwezi kulipa. Kwenye spinachi mwili unaambulia kama asilimia 5 tu ya kalsiamu iliyomo, wakati kwenye maziwa unachukua kama theluthi moja. Mchicha kula, una mambo mengine mazuri, ila kwenye hesabu ya kalsiamu mimi nauandikia sifuri, kinachopatikana kiwe bonasi.

Sukuma wiki na chainizi ni habari nyingine. Hizi ni ukoo wa kabichi, oksaleti yake ni ndogo, na kalsiamu yake inafyonzwa vizuri sawa na ya maziwa au hata zaidi. Kikombe kilichojaa cha sukuma wiki iliyopikwa kina kama miligramu 250. Sikiliza lakini, kikombe kilichojaa. Sio vile vijiko viwili anavyokuwekea mama ntilie pembeni ya wali kama pambo, hivyo ni miligramu 40 kwa kuwa mkarimu. Ukipika nyumbani fungu moja la sukuma likishachemka linanywea kuwa kitu kidogo kweli, kwa hiyo kupata kikombe cha mtu mmoja inabidi ukate mafungu mawili, usiogope sufuria kujaa.

Mfalme wa hii stori ni dagaa. Na sio kwa sababu ni samaki, ni kwa sababu unamla na mifupa yake. Kalsiamu ya samaki ipo kwenye mfupa, kwa hiyo sangara na perege, ambao mfupa unautupa, kwenye protini wako vizuri ila kwenye kalsiamu hawana msaada. Dagaa wakavu gramu 30 wanakupa angalau miligramu 500 za kalsiamu na protini kama gramu 17. Nilipima gramu 30 za dagaa wa Mwanza kwenye mzani wa jikoni kwa sababu nilitaka kujua ni kiasi gani kwa macho, zikaja viganja viwili visivyojaa sana. Sio nyingi, ni mboga ya kawaida ya mtu mmoja.

Tatizo la dagaa wa Mwanza kila mtu analijua, mchanga. Wakianikwa chini wanabeba mchanga, na ukiung'ata mara moja unawachukia wiki nzima. Mimi nawamwagia maji ya moto, nawakoroga kwa mkono taratibu, nawaacha dakika kama mbili, halafu nawachota kutoka juu. Usimwage maji pamoja nao kwenye chujio, maana mchanga umetulia chini na ukimwaga unaurudisha juu yao. Rudia mpaka maji ya chini yawe safi, kawaida mara tatu. Kisha nawakausha, nawakaanga kwenye mafuta kidogo mpaka wawe wanavunjika, ndo kitunguu na nyanya vinafuata, na ndimu mwishoni. Vichwa je? Binti alikuwa anavitoa vyote, kimoja kimoja, huku anaangalia tamthilia. Uchungu wa dagaa mwingi unatoka kwenye utumbo wake, sio kwenye kichwa, na kichwa ni mfupa mtupu, yaani alikuwa anatupa kile kile alichokuwa anakitafuta. Kama unavumilia, acha vichwa. Kama huvumilii, ongeza kiganja nusu.

Wa tatu ni ulezi. Unga wa ulezi gramu 100 una kama miligramu 350 za kalsiamu, hakuna nafaka yetu inayoukaribia, mahindi yako mbali kabisa. Ila nao una breki yake, inaitwa faiteti, inayozuia sehemu ya kalsiamu isifyonzwe. Bibi zetu walishaitatua bila kujua jina lake: uji wa kuchachua, au ulezi uliooteshwa kwanza ukawa kimea ndo ukasagwa, vyote vinapunguza faiteti. Kwa hiyo usiku unakoroga unga wa kesho na maji ya vuguvugu kwenye bakuli, unafunika, asubuhi unapika. Angalia tu unga wa duka ulioandikwa lishe, mara nyingi mahindi ndo mengi humo na ulezi umenyunyiziwa. Nunua ulezi punje upeleke mashine mwenyewe.

Basi siku yake tukaipanga hivi. Saa 11 na nusu alfajiri kabla ya kukimbia, ndizi mbivu na slaisi mbili za mkate na chai ya rangi, hapo protini ni gramu 5 tu na haina shida, lengo ni nguvu ya kukimbilia. Akirudi saa 2, uji wa ulezi wa gramu 60 za unga uliochanganywa na karanga za kusaga kijiko kikubwa, pamoja na mayai mawili ya kuchemsha. Hapo ana protini kama gramu 22 na kalsiamu 250. Mchana wali na maharage kikombe kizima na sukuma wiki ile ya kikombe kilichojaa, protini gramu 28, kalsiamu 320. Saa 10 jioni karanga kiganja na chungwa, gramu 8 na miligramu 80. Usiku ugali, dagaa gramu 30, na mboga yoyote anayotaka, hata huo mchicha, protini gramu 30, kalsiamu 500. Jumlisha: protini 93, kalsiamu 1150. Hiyo 150 ya juu tumeiacha makusudi kwa sababu ya ulezi na maharage ambavyo havitoi vyote vilivyonavyo.

Ona pia protini imegawanyika. Asubuhi 22, mchana 28, usiku 30. Mwili unajenga misuli vizuri zaidi ukipewa kama gramu 20 na kitu kila mlo kuliko kushindia chai halafu usiku unakula nusu kuku. Kalsiamu nayo ni hivyo hivyo, ukizidisha kama miligramu 500 kwa mpigo kiwango kinachoingia kinashuka, kwa hiyo dagaa nusu kilo siku ya Jumapili hawakutunzi mpaka Ijumaa.

Siku ya tano akanipigia, kaka dagaa wamenishinda, nimechoka. Haki yake. Siku za hivyo kuna dagaa wa kopo, wale laini wa mfupa unaotafunika, gramu 100 zina kama 380. Kuna ufuta, lakini ule wenye ganda, wa rangi ya kahawia, vijiko vitatu vikubwa vina kama 260 ingawa na huo una oksaleti kwenye ganda kwa hiyo usiuhesabu wote. Ule mweupe uliokobolewa unavutia kwa macho ila kalsiamu nyingi imebaki kiwandani. Kuna maziwa ya soya ya boksi, na hapa soma boksi: yakiwa yameongezwa kalsiamu kikombe kinakaribia kabisa maziwa ya ng'ombe, yasipoongezwa ni protini tu, na ya kutengeneza nyumbani hayana kitu upande huo. Yale ya boksi uyatikise kwelikweli kabla ya kumimina, kalsiamu inazama chini.

Kuhusu makongoro ya mzee wetu, samahani mzee. Supu ya mifupa hata ukiichemsha usiku kucha inatoa kalsiamu kidogo sana, mfupa hauyeyuki kwenye maji namna hiyo. Kinachofanya supu igande ikilala ni jelatini, nayo ni protini dhaifu isiyojenga misuli kama ya yai au dagaa. Supu ni tamu, inarudisha chumvi na maji baada ya mbio ndefu, inywe kwa sababu hizo.

Na mayai jamani sio maziwa. Sijui hii ilitoka wapi, labda kwa sababu dukani vinakaa rafu moja, ila kuku hanyonyeshi, yai halina laktosi hata chembe. Samli nayo karibu haina, siagi ina kidogo mno. Mtindi una pungufu kidogo kuliko maziwa na bakteria wake wanasaidia kukata, wapo wanaouvumilia vizuri, binti hakuvumilia basi tukauacha.

Unga wa protini nao una stori yake na mimi. Mwaka fulani nilinunua kopo dukani, muuzaji akaniapia halina maziwa, hii ni protini tupu kaka, nikanywa skupu mbili Jumapili asubuhi kabla ya kilomita 18. Kwenye kilomita ya 7 nikaomba choo kwenye sheli, kwenye ya 11 nikaomba tena kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua, mama wa watu akanipa na maji ya kunawa, Mungu ambariki. Kumbe unga mwingi wa jim ni wei, yaani unatokana na yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, na ile ya bei rahisi, konsentreti, inabaki na laktosi. Aizoleti imesafishwa zaidi, wengi wanaivumilia, bei yake ndo huivumilii. Ya soya au ya njegere haina laktosi kabisa. Ila kwa hesabu ya huyu binti umeona, 93 imefika bila kopo.

Vidonge vya kalsiamu vipo, na kama kweli siku zako hazitabiriki havina ubaya, ila kidonge kisizidi 500 kwa wakati mmoja, umeze na chakula, na usimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu maana vinagombania mlango. Vitamini D inayosaidia kalsiamu kuingia tunaipata juani, anayekimbia saa 12 asubuhi halafu siku nzima yuko ofisini nyuma ya pazia asijidanganye kwamba kwa kuwa yuko Dar basi ameshapata.

Kitu kimoja nilimuuliza binti pembeni, sio kwenye grupu. Alishawahi kulalamika kuhusu ugoko. Nikamwambia bonyeza kwa kidole. Kama maumivu yametapakaa eneo refu la ugoko na yanapungua ukipasha mwili, mara nyingi ni uchovu wa mazoezi. Kama kuna sehemu moja unayoweza kuiwekea ncha ya kidole ukasema hapa, inazidi kadiri unavyokimbia na inauma mpaka kitandani, hiyo inaweza kuwa ufa kwenye mfupa, acha kukimbia uende ukaonwe, na ujue eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Halafu nikamuuliza na la pili, siku zake zinakuja? Akanyamaza kidogo akasema miezi miwili hazijaja, alidhani ni kwa sababu ya kukimbia sana. Zikikata kwa mkimbiaji, ukishahakikisha sio mimba, mara nyingi ni mwili unasema chakula chote kwa ujumla hakitoshi, na hapo homoni inayolinda mfupa inashuka, hata ukila dagaa wa ziwa zima huwezi kutengeneza mfupa kwenye mwili wenye njaa. Alivyoacha maziwa hakupoteza kalsiamu tu, alipoteza na kalori kama 300 za kila siku, na mayai mawili na karanga, ambazo wala hakuzila kila siku, hazikuzifidia, huku kilomita zikipanda kutoka 30 kwenda 50 kwa wiki.

Kwa hiyo tulipunguza kilomita zikarudi 30, ile ratiba tukaongeza wali mchana na kiazi kitamu saa 10, na ameshapanga kwenda kumuona daktari wa wanawake Alhamisi. Ugoko tulibonyeza wote wawili juu mpaka chini, maumivu yametapakaa. Dagaa anakula na vichwa sasa, anasema akiwaponda kwenye nyanya havionekani.